Inhela ya salbutamoli au ya steroidi: ipi uishike lini, na spesa inaingia wapi

Watu wengi wenye pumu wana inhela mbili, na wengi wao wanaiamini moja tu. Ile ya salbutamoli, ambayo mara nyingi huwa ya bluu, inajieleza yenyewe: kifua kimebana, unapuliza, dakika chache baadaye unapumua. Ile ya steroidi, ambayo mara nyingi ni ya kahawia au rangi ya chungwa, haikupi chochote unachoweza kukihisi siku hiyo. Kwa hiyo ya bluu inakaa mfukoni na ya kahawia inakaa kabatini, wakati kwa mtu anayepata dalili mara kwa mara mambo yalipaswa kuwa kinyume.

Rangi zenyewe hutofautiana kati ya watengenezaji, hivyo usizitegemee peke yake. Soma jina la dawa kwenye mkebe. Upande wa steroidi utakuta beklometasoni, budesonidi au flutikasoni.

Kila moja inafanya nini kifuani

Pumu ni matatizo mawili yanayotokea mahali pamoja. La kwanza ni misuli myembamba inayoizunguka mirija ya hewa: ikikaza, njia inakuwa nyembamba ghafla. La pili ni ukuta wa ndani wa mirija hiyo, ambao umevimba, unatoa ute mzito, na umekuwa mwepesi wa kushtuka. Vumbi kidogo, baridi, moshi au mafua ya kawaida yanatosha kuifanya misuli ikaze.

Salbutamoli hulegeza misuli. Inaanza kazi ndani ya dakika chache, na nguvu yake hudumu kama saa 4 hadi 6. Uvimbe haiugusi hata kidogo. Steroidi inafanya kazi ile nyingine: inautuliza uvimbe taratibu, na mirija inaacha kushtuka ovyo. Dalili huanza kupungua ndani ya wiki moja au mbili, na faida kamili inaweza kuchukua wiki kadhaa hadi miezi 3.

| | Salbutamoli | Steroidi |
|---|---|---|
| Unaitumia lini | Kifua kinapobana, au kabla ya mazoezi ikiwa umeshauriwa hivyo | Kila siku kama ulivyoandikiwa, hata ukijisikia mzima |
| Inaanza lini | Dakika chache | Siku hadi wiki |
| Inatibu nini | Misuli iliyokaza | Uvimbe |
| Inavyoweza kukusumbua | Mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio | Sauti kukwaruza, utando mweupe wa fangasi mdomoni |
| Ukiiacha wiki moja | Hakuna tatizo ikiwa huna dalili | Uvimbe unaanza kurudi kabla hujahisi chochote |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio unaowaponza wengi. Mtu anaacha steroidi siku ya Jumatatu, Jumanne yuko salama, Ijumaa yuko salama, na anahitimisha kwamba hakuwa akiihitaji. Wiki ya tatu anapata mafua, na mirija iliyokwisha kuvimba kimyakimya inafunga usiku mmoja. Yeye analaumu mafua.

Kosa la upande wa pili ni kuishika steroidi wakati wa shambulio. Beklometasoni ukiipuliza mara kumi huku unahema haitakufungua kifua saa hiyo. Ukibanwa, shika salbutamoli.

Zamani mtu mwenye pumu nyepesi alipewa salbutamoli peke yake na kuambiwa aitumie anapoumwa. Mwaka 2019 GINA, mpango wa kimataifa unaotoa miongozo ya pumu, uliacha kushauri hivyo kwa watu wazima na vijana. Sababu ni kwamba salbutamoli peke yake inaondoa dalili huku chanzo kikiendelea, na hata pumu inayoitwa nyepesi inaweza kuleta shambulio la kuua. Kwa hiyo kama una inhela ya bluu tu na unaipuliza kila wiki, una jambo la kumuuliza daktari wako.

Ipo pia njia ya tatu: inhela moja yenye budesonidi na fomoteroli pamoja. Fomoteroli hulegeza misuli haraka karibu kama salbutamoli, kwa hiyo inhela hiyo inaweza kutumika kila siku na pia wakati wa kubanwa, na kila mara unapotafuta nafuu unapata na steroidi kidogo. Naiona ni njia nzuri hasa kwa mtu ambaye hawezi kukumbuka dawa asiyoihisi. Lakini si kila inhela ya mchanganyiko iko hivyo. Yenye flutikasoni na salmeteroli ni ya asubuhi na jioni tu. Salmeteroli inachelewa kuanza, na haifai kukimbiliwa ukibanwa.

Hofu ya neno steroidi

Wazazi wengi huizuia inhela hii kwa sababu wamesikia steroidi hunenepesha na kudhoofisha mifupa. Madhara hayo ni ya kweli kwa vidonge vinavyomezwa kwa muda mrefu. Sasa tazama ukubwa wa dozi. Mtu mzima aliyepata shambulio hupewa vidonge vya prednisoloni, kwa kawaida miligramu 40 hadi 50 kwa siku, kwa siku 5 hadi 7. Dozi ndogo ya inhela ya budesonidi au beklometasoni ni maikrogramu 200 hadi 400 kwa siku, yaani chini ya nusu ya miligramu moja, na inapelekwa mahali penye ugonjwa. Dawa hizi hazilingani nguvu uzito kwa uzito, lakini tofauti ni kubwa kiasi kwamba mtu anayekwepa inhela kwa kuogopa steroidi, kisha akaishia kumeza vidonge mara mbili au tatu kwa mwaka, amepokea steroidi nyingi zaidi mwilini.

Kwa watoto kuna jambo moja la kusema wazi: matumizi ya kila siku yanaweza kupunguza kimo cha utu uzima kwa takriban sentimita 1. Pumu isiyodhibitiwa nayo hudumaza mtoto, na humlaza wodini. Daktari hutafuta dozi ndogo kabisa inayomtosha.

Na spesa au bila spesa

Hapa pana uchaguzi ambao watu hawaufikirii, na kwangu una uzito karibu sawa na ule wa kwanza.

Inhela ya mkebe, ile unayoibonyeza juu, inatoa dawa kwa kasi kubwa mno. Ukiiweka mdomoni na kubonyeza, sehemu kubwa ya dawa inagonga nyuma ya koo na kubaki pale. Ili kitu kiingie mapafuni inabidi ubonyeze na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja, taratibu. Watu wazima wengi hawawezi, na mtu aliyebanwa hawezi kabisa. Spesa ni chemba ya plastiki inayokaa kati ya inhela na mdomo. Wingu la dawa linapoingia humo linapunguza kasi, matone makubwa yananata kwenye kuta badala ya kooni, na yale madogo yanabaki hewani kwa sekunde chache yakikungoja uyavute.

Wengi huitumia spesa kwa salbutamoli tu, tena wakiwa taabani. Kama ningelazimika kuchagua inhela moja ya kufungia spesa, ningechagua ya steroidi. Salbutamoli ikipotea nusu utajua, kwa sababu kifua hakitafunguka, na utapuliza tena. Steroidi ikipotea nusu huna namna ya kujua. Utaendelea kwa miezi ukidhani umetibiwa, na dawa iliyobaki kooni ndiyo hiyo inayoleta fangasi na kukwaruza sauti.

Namna ya kuitumia ni hii. Kaa wima au simama. Ondoa kifuniko, tazama kama kuna uchafu ndani ya mdomo wa inhela, kisha itikise vizuri, kwa sababu dawa hujitenga na kisukumio, yaani gesi inayoisukuma nje, ndani ya mkebe. Kama ni mpya au imekaa siku nyingi bila kutumika, puliza kwanza hewani kama karatasi yake inavyoelekeza. Ichomeke kwenye spesa. Toa pumzi nje kwa utulivu, mbali na spesa. Bana mdomo wa spesa kwa midomo, katikati ya meno, pasiwe na upenyo. Bonyeza mara moja tu, na papo hapo anza kuvuta pumzi polepole kwa sekunde 3 hadi 5, mpaka kifua kijae. Shikilia pumzi hadi sekunde 10, au kadiri unavyoweza bila kujitesa. Asiyeweza kushikilia pumzi apumue kawaida ndani ya spesa mara 5 au 6, kuvuta na kutoa, bila kuitoa mdomoni.

Kama umeandikiwa mipulizo miwili, ngoja nusu dakika hadi dakika moja, tikisa tena, na urudie yote tangu mwanzo. Mipulizo miwili ikiingia kwenye spesa kwa pamoja, matone yanagongana, yanakuwa makubwa na kunata kwenye kuta, na unapata pungufu ya ulivyodhani. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. La pili ni kubonyeza kisha kungoja: wingu linatua chini ya spesa ndani ya sekunde chache, na unavuta hewa tupu.

Spesa yenyewe inakupa dalili za kosa. Nyingine zina filimbi. Ikilia, unavuta kwa kasi mno. Kile kiwambo chepesi ndani kinapaswa kucheza kila unapovuta. Kisipocheza, ama midomo haijaziba vizuri, ama unapumua kwa pua. Kwa mtoto mdogo, hasa chini ya miaka 4, tumia spesa yenye barakoa iliyokaa vizuri juu ya pua na mdomo, umwache apumue mara 5 hadi 10. Mtoto anayelia kwa nguvu hapokei dawa ya kutosha, kwa hiyo mtulize kwanza. Ikiwa dawa ni steroidi, mfute uso baadaye.

Baada ya steroidi, mtu mzima au mtoto mkubwa asukutue mdomo kwa maji na kuyatema. Njia rahisi ni kupuliza kabla tu ya kupiga mswaki.

Spesa oshwe takriban mara moja kwa mwezi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha iachwe ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa. Kufuta kunaleta umeme tuli kwenye plastiki, na umeme huo unavuta dawa ikwame kwenye kuta. Ndiyo sababu nyingi za plastiki huoshwa pia kabla ya kutumika mara ya kwanza.

Asiye na spesa ya dukani anaweza kutumia chupa ya plastiki ya mililita 500, ikiwa kavu na safi, iliyotobolewa kitakoni tundu la umbo la mdomo wa inhela ili inhela iingie kwa kubana. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 1999 uliwapima watoto wenye shambulio na kukuta chupa hiyo ikifanya kazi vizuri kama spesa ya kiwandani. Kikombe chepesi cha plastiki, ambacho nacho kilijaribiwa, hakikufikia hapo. Tundu likilegea, dawa inavuja, na hapo faida ya chupa inapungua.

Inhela za unga ziko tofauti kabisa: hazifungwi kwenye spesa, na huvutwa kwa nguvu na kwa kasi, si polepole. Ukiwa na ya unga na ya mkebe kwa pamoja, ni rahisi sana kuchanganya. Ikiwezekana, omba zote mbili ziwe za aina moja.

Jinsi ya kujua kwamba udhibiti unateleza

Pumu mara nyingi hairudi kwa kishindo. Mtu anaizoea. Anaacha kupanda ngazi, anaongeza mto wa pili kichwani usiku, na ukimuuliza anasema yuko sawa. Kwa hiyo usijiulize unajisikiaje. Jiulize maswali manne kuhusu wiki 4 zilizopita. Je, ulipata dalili mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Uliamka usiku hata mara moja kwa kukohoa au kubanwa? Ulihitaji salbutamoli zaidi ya mara mbili kwa wiki, ukiacha ile ya kabla ya mazoezi? Kuna kazi au mchezo ulioacha kwa sababu ya pumu? Kama majibu yote ni hapana, umedhibitiwa. Ndiyo moja au mbili ni udhibiti wa nusu. Tatu au nne, pumu haijadhibitiwa.

Katika haya, mimi naweka uzito zaidi kwenye swali la usiku. Mchana mtu anaweza kujizuia na kujificha, usingizini hawezi.

Mkebe nao ni shahidi. Chukua mfano wa mwalimu wa miaka 34 aliyeandikiwa beklometasoni ya maikrogramu 100, mipulizo 2 asubuhi na 2 jioni, pamoja na salbutamoli akibanwa. Mikebe yote ina mipulizo 200. Kwa mipulizo 4 kwa siku, mkebe wa beklometasoni unapaswa kuisha siku ya 50. Wake umedumu miezi 5, kama siku 150. Gawanya 200 kwa 150: amekuwa akipata mpulizo 1 na kidogo kwa siku, yaani theluthi ya dozi. Ndani ya miezi hiyohiyo amemaliza mikebe 3 ya salbutamoli, mipulizo 600, ambayo ni 4 kwa siku. Anaitumia ya bluu kwa ratiba iliyoandikwa kwa ajili ya ya kahawia.

Anaamka usiku mara mbili kwa wiki na anaomba dawa kali zaidi. Kumwongezea dozi sasa kungekuwa haraka. Kwanza anaombwa aonyeshe anavyopuliza: hana spesa, anabonyeza kabla ya kuanza kuvuta, tena mara mbili mfululizo. Kwa hiyo hata ile theluthi ya dozi haimfikii yote. Anapewa spesa, anarudia hatua mbele ya muuguzi mpaka azipatie, na beklometasoni inahamia karibu na mswaki wake. Kinachotarajiwa ni hiki: ndani ya wiki mbili za kutumia dozi kamili, usiku uanze kutulia, na salbutamoli ianze kubaki mkebeni. Ikiwa baada ya miezi 2 au 3 ya kupuliza vizuri kila siku bado anaamka, hapo ndipo pana hoja ya kuongeza dawa, au ya kuchunguza kama kuna moshi, ukungu wa kuta, mafua ya mzio au kiungulia kinachochochea, au hata kama ni pumu kweli.

Hesabu hiyo unaweza kuifanya nyumbani. Andika tarehe kwenye kila mkebe siku unapoufungua. Mikebe 3 au zaidi ya salbutamoli kwa mwaka inaendana na hatari kubwa zaidi ya mashambulio, na 12 kwa mwaka, yaani mmoja kila mwezi, inaendana na hatari kubwa zaidi ya kifo. Kama inhela ina namba inayohesabu dozi, itumie. Ile desturi ya kuutumbukiza mkebe majini uone kama unaelea haipimi kitu cha kutegemewa, kwa sababu mkebe unaweza kuendelea kutoa kisukumio dawa ikiwa imekwisha.

Mwenye kifaa cha kupimia kasi ya pumzi anapata onyo mapema zaidi. Linganisha na kiwango chako bora ukiwa mzima, si na cha mtu mwingine. Kama kiwango chako bora ni 450, basi kushuka chini ya 360, ambayo ni asilimia 80, ni onyo. Chini ya 225, ambayo ni nusu, ni hatari.

Unapovuka mstari

Ishara moja iko wazi kuliko zote: salbutamoli haikushikilii tena kwa saa 4. Ukipuliza saa 2 usiku na ukaihitaji tena saa 4 usiku, hilo tayari ni shambulio, hata kama bado unazungumza vizuri. Kaa wima, usilale. Puliza salbutamoli kwenye spesa, mpulizo mmoja kila nusu dakika hadi dakika moja, hadi mipulizo 10. Usipopata nafuu, au ukizidi kuwa mbaya wakati wowote kabla ya hapo, nenda hospitali au ita gari la wagonjwa mara moja, na uendelee kurudia mipulizo ukiwa njiani.

Usingoje kumaliza mipulizo 10 ndipo uite msaada kama mtu hawezi kumaliza sentensi, midomo imegeuka rangi, mtoto amechoka kiasi cha kusinzia au ngozi kati ya mbavu inaingia ndani anapovuta pumzi. Kifua kilichokuwa kikilia kama filimbi kikinyamaza huku mtu bado anahangaika, usidhani amepata nafuu: hewa inayopita imekuwa kidogo mno hata kutoa sauti.

Shambulio likipita, steroidi ya kila siku haisimamishwi, na vidonge ulivyopewa vinamalizwa kama ulivyoelekezwa. Mwone daktari tena ndani ya siku 2 hadi 7. Nenda na inhela zote mbili na spesa, upulize mbele yake.